Vidole kumi kila siku: kengele ya mazoezi na hesabu ya wiki

Karibu, mtazamaji. Leo tunapanga mazoezi ya kuchapa bila kutazama kibodi, dakika 20 kwa siku, na tunatengeneza lahajedwali dogo litakaloonyesha kila mwisho wa wiki kasi yako na usahihi wako. Kama unachapa barua na maombi ya kazi kwenye steshenari ya Lindi mjini, au unaingiza majina ya wakulima na kilo za korosho katika chama cha msingi huko Tandahimba, haya ni kwa ajili yako. Utahitaji kompyuta yenye LibreOffice, simu yoyote yenye kengele, daftari na kalamu.

Tuanze na mikono. Papasa kibodi, utagusa vinundu viwili: kimoja juu ya F, kingine juu ya J. Vidole vya shahada vinakaa hapo. Vingine vinajipanga pembeni: kushoto ni A, S, D, F, na kulia ni J, K, L na nukta mkato. Gumba linapiga spesi. Kiti cha plastiki kikiwa kifupi kuliko meza, kalia mto au kanga iliyokunjwa mpaka viwiko vilingane na kibodi. Ukikaa chini sana, viganja vinalala mezani na kidole kidogo hakifiki kinapotakiwa.

Kidole kidogo cha kushoto tukizungumze vizuri, kwa sababu programu nyingi za mazoezi zimetungwa kwa Kiingereza na hazikifundishi ipasavyo. Kiswahili kina A nyingi kupita kiasi. Chapa neno "wanawake" uone: A tatu ndani ya herufi nane. A zote hizo zinapigwa na kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Anayeanza huchoka, akaanza kupiga A kwa kidole cha pete. Hapo mkono mzima unasogea kidogo, F inaachwa, na baada ya maneno mawili W na E nazo zinapotea. Utagundua ukisoma ulichochapa: S imekaa mahali pa A, kama "wsnawake". Ukiona "kaka" imekuwa "lsls", tatizo ni jingine: mikono yote miwili imehamia kulia kwa kitufe kimoja. Rudisha vidole kwenye vinundu, usihangaike na herufi mojamoja.

Mzigo wa pili uko kwenye kidole cha shahada cha kulia. Kidole hicho kimoja kinabeba H, J, N, M, U na Y. Sasa angalia neno "nyumba": herufi nne za mwanzo zote ni zake. Maneno "huyu", "humu" na "juu" ni yake mwanzo hadi mwisho. Hapa watu hukwama, na wengi huazima kidole cha kati kupiga U. Usiazime. Kidole cha kati kina kazi yake, K na I, na Kiswahili kina "ki" kila mahali.

Kwa hiyo dakika 5 za kwanza kila siku chapa mistari hii, polepole, kwa mdundo usiobadilika:

```
huyu yumo humu nyumbani
jumuiya hii ni muhimu
kikiki kiko kikoni kiki
kazi za zamani zaanza
ng'ombe wa ng'ambo
```

Mstari wa tatu hauna maana, upo kwa ajili ya kidole cha kati tu. Wa nne unakipa kazi kidole kidogo cha kushoto, kwa sababu Z na A zote ni zake. Wa tano unakufundisha alama ya ng', ambayo inapigwa na kidole kidogo cha kulia, kitufe cha pembeni mwa nukta mkato.

Dakika 10 zinazofuata, chapa habari yoyote ya Kiswahili iliyo kwenye karatasi mbele yako: tangazo la mnada wa korosho, barua ya ofisi, ukurasa wa gazeti. Karatasi isimame wima upande mmoja wa skrini. Ikilala mezani, macho yataangukia kibodi bila wewe kutaka. Kama bado yanaangukia, funika mikono kwa kitambaa chepesi.

Dakika 5 za mwisho ni kipimo, na kipimo kina masharti. Fungua LibreOffice Writer, uzime visaidizi vyake. Nenda `Tools`, kisha `AutoCorrect`, ondoa tiki kwenye `While Typing`. Rudi tena `Tools`, fungua `AutoCorrect Options`, nenda `Word Completion` na uondoe tiki ya `Enable word completion`. Usipoizima, Writer itapendekeza mwisho wa maneno marefu, na ukibonyeza Enter itakumalizia neno, nawe utahesabiwa herufi ambazo vidole vyako havikuzipiga. Sharti la pili: wakati wa kipimo hakuna kufuta. Ukikosea, endelea. Makosa yaliyofutwa hayaonekani kwenye hesabu, ingawa yamekula muda wako.

Simu ikilia dakika ya 5, toa mikono. Fungua `Tools`, kisha `Word Count`, soma namba ya `Characters including spaces`. Halafu linganisha na karatasi, hesabu kila herufi iliyokosewa, iliyozidi au iliyorukwa. Andika daftarini kwanza: tarehe, dakika, herufi, makosa. Daftari halizimiki umeme ukikatika.

Sasa kengele ya kukumbusha. Tumia kengele ya saa ya simu badala ya kikumbusho cha mtandaoni, maana saa inalia hata bando likiisha. Chagua siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, na uiandikie jina: "Chapa dakika 20". Kuwa makini na saa. Simu haihesabu saa za Kiswahili. Saa moja asubuhi kwenye simu ni `7:00 AM`, na saa kumi na mbili na nusu jioni ni `6:30 PM`. Ukiweka `1:00 AM` ukidhani ni saa moja asubuhi, itakuamsha usiku wa manane, utaizima, na asubuhi hutasikia kitu. Weka wakati ambao tayari uko karibu na kompyuta. Kwa mtu wa steshenari, nusu saa kabla ya kufungua duka kunafaa kuliko jioni, wateja wanapokuwa wamejaa mlangoni.

Sasa lahajedwali. Fungua LibreOffice Calc. Mstari wa kwanza, kuanzia safu ya A mpaka G, andika vichwa: Tarehe, Dakika, Herufi, Makosa, Kasi, Usahihi, Wiki. Tarehe iandike kwa kuanza na mwaka, hivi: `2025-11-03`. Sisi tunaandika siku kwanza, lakini kompyuta nyingi zimepangwa kutanguliza mwezi. Ukiandika `03/11/2025`, kompyuta ya namna hiyo itasoma tarehe 11 mwezi wa tatu, na zoezi lako la Novemba litaingia kwenye wiki ya Machi. Ukiandika `13/11/2025`, haitaona mwezi wa 13, itaichukua kama maneno tu. Dalili yake ni rahisi: tarehe ya kweli inakaa upande wa kulia wa kisanduku, ya maneno inakaa kushoto.

Katika E2, F2 na G2 weka kanuni hizi, moja kila kisanduku:

```
=C2/5/B2
=1-D2/C2
=A2-WEEKDAY(A2;2)+1
```

Ya kwanza ni kasi. Tunagawa herufi kwa 5 kwa sababu katika kupima uchapaji neno moja linahesabiwa kuwa herufi 5, spesi ikiwemo. Kwetu jambo hili ni la haki kabisa: "atakapowasili" lina herufi 13 na "na" lina mbili, huwezi kuyahesabu sawa. Ya pili ni usahihi, ipe muundo wa asilimia. Ya tatu inarudisha Jumatatu ya wiki hiyo, ipe muundo wa tarehe. Kama programu yako inakataa nukta mkato ndani ya kanuni, weka koma. Vuta kanuni kushuka chini kila unapoongeza siku, si kabla.

Muhtasari wa wiki unakaa pembeni. Katika I2 andika Jumatatu ya wiki unayoitaka. J2 ni kasi, K2 usahihi, L2 siku ulizofanya:

```
=SUMIF(G:G;I2;C:C)/5/SUMIF(G:G;I2;B:B)
=1-SUMIF(G:G;I2;D:D)/SUMIF(G:G;I2;C:C)
=COUNTIF(G:G;I2)
```

Tunajumlisha herufi zote na dakika zote, ndipo tunagawa. Tusichukue wastani wa kasi za kila siku, kwa sababu siku umeme uliyokatika dakika ya pili ingepewa uzito sawa na siku ya dakika 5.

Tuchukue wiki moja ya mfano ya mchapaji mmoja, kila kipimo dakika 5. Jumatatu herufi 700, makosa 28. Jumanne 720, makosa 25. Jumatano 905, makosa 118. Alhamisi 690, makosa 21. Ijumaa hakufanya. Jumamosi 735, makosa 20. Jumla ni herufi 3750 kwa dakika 25, na makosa 212. J2 inaonyesha 30, K2 inaonyesha asilimia 94.3, L2 inaonyesha 5.

Maneno 30 kwa dakika yanapendeza machoni, lakini tazama Jumatano. Siku ile alikimbia: kasi 36.2, usahihi karibu asilimia 87. Iondoe, na siku nne zilizobaki zinatoa kasi 28.5 na usahihi asilimia 96.7. Hiyo ndiyo kasi yake halisi. Barua yenye makosa 118 kwenye steshenari itamrudisha mteja dirishani, na kuisahihisha kutakula muda mrefu kuliko ule uliookolewa kwa kukimbia.

Kanuni tunayoifuata ni hii: usahihi wa wiki ukiwa chini ya asilimia 96, wiki inayofuata punguza mwendo kwa makusudi mpaka mdundo utulie. Ukiwa 97 au zaidi kwa wiki mbili mfululizo, ongeza mwendo kidogo katika zile dakika 10 za habari, si kwenye kipimo.

Kabla ya kufunga Calc Jumamosi, rudia karatasi zako za vipimo, tafuta makosa yanayojirudia. Kama mengi ni S mahali pa A, mstari wa nne uuchape mara mbili zaidi kila siku ya wiki ijayo. Kama ni N na M zinazobadilishana, ongeza mstari wa kwanza. Kisha shuka I3, andika Jumatatu inayofuata, na uvute J2, K2 na L2 kushuka mstari mmoja. J3 na K3 zitaleta alama ya kosa mpaka uingize kipimo cha kwanza cha wiki, kwa kuwa bado hakuna dakika wala herufi za kugawia. Ziache, usiziguse.