Bosi amekaa kimya, wewe ufanyeje

Haya jamani karibuni, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo nina kitu kimoja tu, sitawachosha. Nataka tuongelee ile hali umemwandikia mkubwa wako swali, anatakiwa aamue, na hajibu. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu unaona kabisa tiki za bluu zipo, kasoma, lakini wapi. Na kazi imesimama hapo hapo kwako, wanaokusubiri wewe wanakuona wewe ndo mzembe.

Wengi wetu tukifika hapo tunafanya nini? Tunakumbusha. "Shikamoo bosi, nakukumbusha tu kuhusu lile suala." Siku mbili baadae, "Bosi samahani kwa usumbufu, bado nasubiri mwongozo wako." Nyoosha mkono kama hujawahi kuandika hiyo. Ona sasa, hakuna mkono. Na mimi nimeandika sana, miaka mingi tu.

Sasa tuiangalie hiyo meseji kwa jicho la anayeipokea. Yuko kwenye kikao, kashika simu chini ya meza, anasoma "naomba mwongozo wako kuhusu ukumbi." Ili ajibu inabidi akumbuke ukumbi gani, arudi juu atafute ile imeili ya wiki iliyopita, afungue kiambatanisho, alinganishe, afikirie, ndo aandike. Hiyo ni kazi ya nusu saa na yeye ana sekunde ishirini. Anasema nitajibu nikitulia, na kutulia huwa hakuji. Kwa hiyo neno "mwongozo" ambalo sisi tunaliona la heshima, kwake ni mzigo, umemrudishia kazi yote mikononi. Na ukimkumbusha hujampunguzia hata gramu moja, umemwongezea aibu juu, na mtu mwenye aibu anazidi kukukwepa.

Dawa yake ni kugeuza swali. Badala ya kumuuliza tufanye nini, unamwambia utafanya nini, lini, na unamwachia nafasi ya kukuzuia. Yaani kimya chake kinakuwa na maana mliyoijua wote kabla, na yeye kazi yake inabaki ndogo, kama anakubali hafanyi kitu, kama hakubali anaandika neno moja.

Niwape mfano wangu mwenyewe. Nilikuwa naandaa mafunzo, nimepata kumbi mbili, mdogo na mkubwa, nikamwandikia bosi achague. Siku kumi na moja kimya! Nimekumbusha mara tatu. Wenye ukumbi wakaniambia tunakushikia mpaka Alhamisi saa 10 jioni, baada ya hapo tunamuachia mwingine. Jumatatu asubuhi nikakaa nikaandika hivi, nawasomea kama ilivyo. Kichwa cha imeili: "Alhamisi saa 8 mchana nathibitisha ukumbi mdogo." Alafu ndani:

"Shikamoo bosi. Waliothibitisha kuja kwenye mafunzo ni 52. Ukumbi mdogo unachukua watu 60, mkubwa 120. Wanatushikia zote mbili mpaka Alhamisi saa 10 jioni. Nisiposikia tofauti kutoka kwako kufikia Alhamisi saa 8 mchana, nitathibitisha mdogo. Tukibadili mawazo tunaweza kufuta bila kulipa kitu mpaka siku 7 kabla ya mafunzo. Ukitaka mkubwa, niandikie tu 'mkubwa'."

Basi, imeisha. Sasa tuifungue kidogo, kuna vitu vimejificha humo.

Kwanza uamuzi uko kwenye kichwa. Hata asipofungua ameshajua kitakachotokea na lini. Pili, kila anachohitaji ili aamue kipo hapo hapo, 52, 60, 120, hatafuti imeili ya zamani wala kiambatanisho.

Tatu, saa. Mwisho wa ukweli ni saa 10, mimi nimempa saa 8. Yale masaa mawili ni yangu, ya kupiga simu na kuthibitisha, na pia ya kumbeba akijibu kwa kuchelewa, manake wakubwa wakijibu huwa ni dakika tano baada ya muda. Na tarehe lazima iwe na sababu nje ya wewe. "Wenye ukumbi wanaachia saa 10" ni sababu. "Naomba jibu kufikia kesho" bila sababu hiyo ni tarehe umeitunga, na mtu mzima anaisikia harufu yake, akishakukamata mara moja kwamba dedilaini zako ni za uongo basi zote zinazofuata anazipuuza. Alafu usitume Ijumaa jioni useme Jumatatu saa 2 asubuhi, hapo umemvizia tu. Mimi huwa nampa siku mbili za kazi kamili angalau, labda jambo lenyewe liwe linaungua.

Nne, na hii ndo kubwa kuliko zote, nimechagua kitu kinachorudishika. Mdogo naweza kuufuta bure, na nimeandika mpaka lini. Bosi akiona kuna mlango wa kutokea hana hofu ya kukuacha uendelee. Kama ningechagua kile ambacho hakifutiki, ningekuwa nambebesha uamuzi kwa ukimya wake, na hapo hata mimi ningekasirika ningekuwa yeye.

Sasa sikilizeni lugha, hapa Kiswahili kinatusaidia sana tukikijali. Kuna mtu ataandika "usipojibu kufikia Alhamisi nitathibitisha mdogo." Mwingine "nisiposikia tofauti kutoka kwako nitathibitisha mdogo." Maana ile ile si ndio? Lakini ya kwanza inaanza na "u", kosa liko kwake, imekaa kama kitisho, mtoto anaambiwa usipokula utaona. Ya pili inaanza na "ni", mimi ndo nasubiri, mimi ndo nafanya, yeye hajaguswa. Silabi moja tu hiyo jamani lakini nimeona watu wamekosana kazini kwa sababu yake. Na kitenzi kiwe kimoja chenye mwisho, nitathibitisha, nitatuma, nitafuta. Usiandike "nitaendelea na utaratibu", utaratibu upi? Hapo akija kukuuliza baadae mtabishana.

Haya, Jumanne kimya. Jumatano asubuhi nikajibu juu ya imeili ile ile, mstari mmoja, "Bosi, kesho saa 8 mchana nathibitisha ukumbi mdogo." Sijasema nakumbusha, sijaomba samahani. Mara moja tu, na sio zaidi.

Alhamisi saa 7 na dakika 50, simu inalia, meseji. "Mkubwa. Kuna watu 30 wa idara ya mauzo nimewaalika."

Mnaona? Mimi siku zote hizo namuona mvivu wa kujibu, kumbe ana kitu kichwani ambacho mimi sikijui. 52 na 30 ni 82, ule mdogo tungesimama ukutani. Na hakuniambia kwa sababu swali langu la mwanzo halikumgusa hapo. Alipoona nakaribia kufanya kitu ambacho sicho, ndo akasema. Binadamu kusahihisha ni rahisi kuliko kutunga, mpe karatasi tupu ataiacha, mpe yenye kosa ataomba kalamu.

Sasa je asingejibu? Saa 8 ningethibitisha. Saa 8 sio saa 9, wala sio "ngoja nimpe mpaka kesho." Alafu hapo hapo unaandika, "Nimethibitisha ukumbi mdogo, mwisho wa kufuta ni tarehe fulani." Wengi tunakwama hapa, tunaandika vizuri halafu saa ikifika tunaogopa, tunaanza tena kukumbusha. Ukifanya hivo hata mara moja umemfundisha kwamba tarehe zako ni mapambo.

Ila kuna sehemu hii haiingii, na nataka niwe mkali hapa. Kuna kijana niliyekuwa nafanya nae kazi, akaipenda sana hii njia, akamwandikia mkuu wake, "nisiposikia tofauti kufikia Ijumaa nitamlipa msambazaji." Malipo yale yalikuwa yanahitaji sahihi ya mkuu! Kimya sio sahihi. Aliitwa ofisini na hakutoka anacheka. Pesa inayozidi mamlaka yako, mkataba, kumwajiri au kumfukuza mtu, usalama wa watu, kitu chochote ambacho utaratibu unasema lazima mtu aseme ndiyo, huko huwezi kufanya kimya kiwe ndiyo.

Lakini hata huko haujafungiwa. Unageuza, kinachotokea kimya kikiendelea ni kusimama, na wewe unasema kusimama huko kunaonekanaje. Yule kijana angeandika, "Malipo ya msambazaji yanahitaji sahihi yako kabla ya Ijumaa saa 6 mchana ili yaingie kwenye awamu ya wiki hii. Nisipoipata, yatasubiri awamu ya wiki ijayo, na Ijumaa mchana nitamjulisha msambazaji kwamba malipo yake yatachelewa." Kila alichokisema hapo kiko ndani ya mamlaka yake, kusubiri na kumjulisha mtu. Na mkuu sasa anaona bei ya ukimya wake bila mtu kumwambia we mzee unachelewesha kazi.

Na kabla hujahesabu kimya, hakikisha ni kimya. Mtu akiwa likizo, safarini, anaumwa, huyo hajakaa kimya, hayupo. Muulize sekretari, au piga simu. Vilevile kama alishawahi kusema hapana kwa jambo hilo hilo, usije mlango wa nyuma na "nisiposikia tofauti", huo ni ujanja na utajulikana.

Swali? Ndiyo dada. Anauliza, bosi akiona ni dharau je, mimi nani nimpangie saa?

Wapo hao, kweli. Mimi huwa naomba ruhusa mara moja mwanzoni, uso kwa uso, siku akiwa na raha zake. "Bosi, kwa mambo madogo yanayofutika, nikikuandikia kwamba nitafanya hivi siku fulani na nisisikie kitu, nichukulie sawa?" Wengi wanasema sawa kwa haraka kweli, manake unawapunguzia. Akisema hapana, anataka kuona kila kitu, basi tumia ile ya pili peke yake, ya kusimama. Na muulize hapo hapo lini kwa wiki unaweza kumpata dakika kumi umpelekee yote kwa pamoja.

Mwingine? Kaka pale nyuma, ongea kwa sauti.