Aya ya Usajili katika Barua ya Muuguzi Anayeomba Kazi Nje

Wauguzi wenzangu, leo nitakaa kwenye aya moja tu ya barua ya maombi, ile ya usajili. Nitatumia Uingereza kama mfano.

Sentensi inayoharibu barua nyingi ni hii: "Mimi ni muuguzi aliyesajiliwa." Amesajiliwa wapi? Kule, cheo hicho kinalindwa na sheria, na ni cha aliyemo kwenye daftari la NMC, baraza lao la wauguzi na wakunga. Msomaji akikutafuta kwenye daftari hilo asikuone, ataanza kutilia shaka hata stashahada yako, ambayo ni halali kabisa. Inaniuma, kwa sababu mwandishi hakukusudia kudanganya.

Kwa hiyo tenganisheni elimu, leseni ya nyumbani na hatua mliyofikia kule. Kwenye elimu, taja cheti kama kilivyoandikwa, pamoja na mwaka wa kuhitimu. Usiibadilishe stashahada kuwa shahada eti kwa sababu unaona zinalingana.

Hatua ya usajili ndiyo yenye kazi. Kuna CBT, mtihani wa kompyuta, unaoweza kufanywa nje ya Uingereza. Kuna OSCE, mtihani wa vitendo, unaofanyika huko huko. Kuna hospitali ambazo huajiri mtu aliyefaulu CBT, akaanza kazi chini ya usimamizi huku akijiandaa kwa OSCE, kwa hiyo kutokuwa na namba ya NMC hakukufungii mlango. Kukaa kimya ndiko kunakokufungia.

Kwa upande wa lugha ya Kiingereza, kwenye mtihani wa IELTS ya kitaaluma NMC inadai 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Taja alama za kila sehemu, maana wastani wa 7 unaweza kuficha 6 ya kuandika.

Tuchukue muuguzi aliyehitimu 2018, mwenye miaka 5 kwenye wodi ya upasuaji. Aya yake iwe hivi, kisha aiandike kwa Kiingereza:

"Nina Stashahada ya Uuguzi (2018). Nimesajiliwa na baraza la wauguzi la nchi yangu, na leseni yangu ni hai hadi Desemba mwaka huu. Bado sijasajiliwa na NMC. Nimefaulu CBT mwezi Machi, na IELTS nimepata 7.5 kusoma, 7 kusikiliza, 7 kuzungumza na 6.5 kuandika. Kilichobaki ni OSCE."

Neno "bado" lisiondolewe. Linamwambia mwajiri kwamba atahitaji kukupangia mafunzo ya OSCE, na hilo huamua nafasi atakayokupa.

Mwisho, majina. Ikiwa cheti kina jina la ukoo wa baba na pasipoti ina la mume, ongeza sentensi moja: "Cheti changu kina jina la kabla ya ndoa, nimeambatanisha cheti cha ndoa." Bila hiyo, karani ataona watu wawili na kuliweka faili pembeni.