Oda Imekwama Wapi? Kupima Saa Tangu Agizo Hadi Mkononi kwa Mteja

Ndugu zangu wa maduka ya jumla, mteja wa Mwanza akipiga simu kuulizia vipuri vyake, mara nyingi huambiwa mzigo uko njiani. Leo tuipime hiyo njia kwa saa, kwani kipande chake kirefu kinaweza kuwa hapa hapa stoo Kariakoo.

Kila oda ipewe mstari mmoja kwenye jedwali, na nyakati tano, kila wakati ukiwa na tarehe na saa: ilipoingia, malipo yalipothibitishwa, mzigo ulipofungwa, ulipokabidhiwa kwa wakala wa basi, na mteja alipoupokea. Wakati wa kwanza uko kwenye ujumbe wa simu, wa pili kwenye ujumbe wa malipo, wa nne kwenye risiti ya wakala. Wa tano mpigie mteja, umuulize pia aliambiwa lini kwamba mzigo umefika, maana unaweza kulala ofisi ya basi siku mbili bila yeye kujua. Wa tatu hauna kumbukumbu popote. Mfungaji auandike kwa kalamu nene juu ya boksi papo hapo anapobandika utepe. Akisubiri kujaza yote jioni, utakuta oda kumi zimefungwa saa 17:00 kamili, na hapo huna kipimo tena.

Tahadhari na saa zetu. Simu inaandika 14:30, karani anaandika 8:30 kwa sababu ni saa nane na nusu mchana. Ukiona mzigo umefungwa kabla haujalipiwa, au tofauti ya saa sita kamili isiyoeleweka, anza kuchunguza hapo. Kubalianeni wote kutumia saa 24.

Kisha toa wakati mmoja kwenye mwingine. Kama kufungwa kuko safu ya D na kukabidhiwa safu ya E:

```
=E2-D2
```

Seli hiyo ipe umbo la `[h]:mm`. Ukiweka `h:mm` bila mabano, saa 27 zitaonekana kama 3:00. Yaani oda iliyokwama kuliko zote itajionyesha kuwa ya haraka, na kosa hili ni rahisi mno kulipita.

Tuchukue mfano wa oda 40 za wiki moja. Kutoka kufungwa hadi kukabidhiwa kwa wakala, wastani ni saa 15 na nusu. Lakini zipange kuanzia ndogo hadi kubwa: 22 zilichukua saa 6 hadi 8, na 18 zilichukua saa 24 hadi 29. Katikati hakuna kitu. Hakuna hata oda moja iliyochukua saa 15! Na ukitazama oda ya katikati pekee, utaona kama saa 8, uridhike bure. Mafungu mawili yaliyoachana hivi yanakuambia kuna mlango unaofunguliwa kwa ratiba, na mzigo ukiukosa unalala.

Ili kuujua mlango, tazama saa ya kufungwa. Zile 22 zote zilifungwa kabla ya saa 11:00. Guta la kupeleka mizigo stendi ya Magufuli, Mbezi, huondoka saa 15:00. Katika zile 18, saba zilifungwa baada ya guta kuondoka, hizo zinaeleweka. Lakini 11 zilifungwa kati ya saa 11:00 na 15:00, guta likiwa bado lipo. Zilikosa nini? Risiti ya EFD. Mhasibu anazitoa kwa mafungu, saa 11:00 na saa 17:00, na mzigo hautoki bila risiti. Mzigo uliofungwa saa 13:00 unafika kwa wakala kesho yake saa 16:30, saa 27 na nusu baadaye. Risiti ikitolewa pesa inapopokelewa, kama inavyotakiwa, mzigo huo huo utatumia saa tatu na nusu. Kuongeza wafungaji kusingesaidia chochote hapa. Kungerefusha tu foleni ya maboksi yanayosubiri karatasi. Zile saba zinahitaji safari ya pili ya guta, na hiyo ina gharama, kwa hiyo ipigiwe hesabu yake peke yake.

Jambo la mwisho ni oda ambazo hazijafika. Jedwali la oda zilizokamilika haliwezi kuzionyesha, na ndizo zilizokwama zaidi. Kila asubuhi orodhesha zilizo wazi, iliyokaa zaidi ikiwa juu. Halafu gawanya idadi yake kwa oda zinazokamilika kwa siku, hesabu aliyoithibitisha msomi wa Marekani John Little mwaka 1961. Oda wazi 36 zikigawanywa kwa 12 za kila siku ni siku tatu, ndio wastani wa muda ambao oda moja inakaa kwako. Hesabu hii inafaa pale zinazoingia na zinazotoka zinapokaribiana. Kama jedwali lako linasema siku mbili, shuka stoo na ile orodha mkononi, uanze na oda iliyo juu kabisa.