Ada ya Kidato cha Kwanza Ina Tarehe Yake: Kumwekea Mtoto Akiba ya Miaka Kumi

Ndugu wazazi na walezi,

Leo nazungumza na mzazi wa Tanzania ambaye mtoto wake bado ni mdogo, na ataingia kidato cha kwanza miaka kumi ijayo. Shule za serikali hazitozi ada, lakini mzazi huyu amekusudia shule binafsi ya bweni ambayo leo hutoza shilingi milioni 3 kwa mwaka. Tukikadiria kwamba ada itapanda kwa asilimia 6 kila mwaka, kidato cha kwanza kitamgharimu takribani milioni 5.4, na kidato cha nne milioni 6.4.

Kwa makadirio yangu, ambayo si ahadi ya mtu yeyote, akiba ikikua kwa wastani wa asilimia 9 kwa mwaka, ili alipe ada za miaka yote minne, mzazi atahitaji kuanza na kama shilingi 92,000 kwa mwezi na kuongeza kiwango hicho kwa asilimia 6 kila mwaka. Nasisitiza nyongeza hiyo, kwa sababu anayeweka kiasi kilekile kwa miaka kumi atalazimika kuanza na karibu shilingi 116,000, na wengi hukata tamaa hapo mwanzoni.

Sasa fedha hizo ziwekwe wapi? Wengi huniuliza ni asilimia ngapi iwe hisa na ngapi iwe hatifungani, kana kwamba kuna jibu moja la miaka yote kumi. Chukueni mzazi aliyeweka asilimia 60 kwenye hisa, kisha soko likashuka kwa asilimia 30. Likishuka mwishoni mwa mwaka wa pili, akiba yake ni kama milioni 2.4, hivyo hupoteza takribani shilingi 430,000, yaani michango ya miezi minne na kidogo. Likishuka mwishoni mwa mwaka wa tisa, akiba imefikia karibu milioni 18, na hasara ni takribani milioni 3.2, karibu michango ya miaka miwili, huku mtoto akibakiza mwaka mmoja tu. Mporomoko ni uleule, ila wa kwanza una muda wa kufidiwa na wa pili hauna.

Kwa hiyo mimi hugawa akiba kwa tarehe za ada. Mtoto hana ada moja, ana ada nne, na kila moja ina siku yake. Kanuni ninayoitumia ni kwamba fedha itakayohitajika ndani ya miaka mitatu isikae kwenye hisa. Mwishoni mwa mwaka wa saba, ada ya kidato cha kwanza huhamishiwa mahali salama, kama vile Mfuko wa Ukwasi, mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaosimamiwa na UTT AMIS, au hatifungani ya serikali inayoiva kabla ya Januari ya kuanza shule. Mwaka wa nane huhamishwa ya kidato cha pili, wa tisa ya cha tatu, na wa kumi ya cha nne. Siku mtoto anapofunga sanduku lake kwenda bweni, hakuna hata shilingi moja ya ada iliyobaki kwenye hisa.

Hatifungani nazo zina mtego wake, nami nimeona wazazi wenye nia njema wakinaswa. Hununua ya miaka 25 kwa sababu riba yake huwa kubwa kuliko ya miaka 10, wakisahau kwamba wataihitaji fedha kabla haijaiva. Ukiwa na hatifungani ya riba ya asilimia 12, ukataka kuiuza ikiwa imebakiza miaka 15 na soko wakati huo linadai asilimia 15, utapata takribani shilingi 82 kwa kila 100. Serikali haikukosa kukulipa. Wewe ndiye uliyechagua tarehe isiyo ya mtoto wako. Tena riba yake huingia benki kila miezi sita, na isiponunuliwa vipande vya mfuko mara moja huishia sokoni Kariakoo.

Mtauliza: mwaka wa saba ukifika na soko limeshuka, je? Uzeni hisa za ada ya kidato cha kwanza pekee, kwa mafungu na miezi kadhaa kabla, kwa kuwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam baadhi ya hisa hukaa siku nyingi bila mnunuzi. Pengo litakaloonekana lijazwe na michango ya miaka mitatu iliyobaki. Hisa za ada nyingine tatu ziacheni zisubiri mwaka wake.