Kagua stetimenti ya simu yako kila mwezi uone pesa inakatwa wapi

Haya wadau karibuni, leo tunakagua stetimenti ya laini yako ya pesa ya mwezi mzima mstari kwa mstari, andaa daftari, kalamu na kalkuleta ya simu inatosha. Mfano nilioutengeneza ni wa mama anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, namba ni za mfano ila mambo yenyewe ndo yanayotokea kila siku.

Kwanza kupata stetimenti. Ukipiga menyu, iwe *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money, pale kwenye akaunti yako utapata taarifa fupi, hiyo inakupa miamala michache tu ya mwisho, haitusaidii. Tunataka mwezi mzima, kuanzia tarehe 1 mpaka siku ya mwisho. Ingia kwenye apu ya mtandao wako uombe, au nenda na kitambulisho kwenye duka lao wakuprintie, duka lao kabisa sio kwa wakala wa kibanda. Na usimtumie mtu picha ya meseji zako eti akusaidie kupiga hesabu.

Sasa usianze kusoma mistari. Watu wengi wanakosea hapa, wanafungua kurasa nane wanachoka ukurasa wa pili wanafunga. Anza na namba nne tu. Salio la kuanzia mwezi, pesa iliyoingia unayoijua, pesa uliyotoa na kutuma unayoijua, na salio la mwisho. Ninaposema unayoijua namaanisha ya kwenye daftari lako la biashara, usichukue jumla iliyoandikwa chini ya stetimenti, sababu nitakuonyesha mbele.

Mama wetu alianza mwezi na 18,400. Wateja wamemtumia 640,000. Ametumia kulipia mzigo, kuwalipa wabebaji na mambo ya nyumbani 598,000. Kwahiyo alitakiwa abaki na 60,400, si ndio? Stetimenti inasema amebaki na 37,150. Imepotea 23,250. Hiyo namba iandike kubwa juu ya karatasi, kazi yetu yote leo ni kuitafutia kila shilingi mstari wake.

Hatua inayofuata ni makato halali. Stetimenti nyingine zinaweka makato kwenye safu yake, nyingine zinaweka mstari peke yake chini ya muamala. Zikiwa za mistari angalia namba ya kumbukumbu, lile kato linabeba namba ileile ya muamala uliolizaa. Ukitoa pesa kuna mstari wa kutoa na chini yake mstari wa ada, namba moja. Pitia na kalamu uunganishe kila kato na mzazi wake, kato lisilo na mzazi lizungushie duara. Na kumbuka tozo ya serikali kwenye kutuma ilifutwa Julai 2023, ikabaki kwenye kutoa, ndo maana kutoa kunauma zaidi. Kama una shaka na ada fulani ifananishe na lile bango la makato ambalo wakala kalibandika ukutani.

Mama wetu makato yake halali yamefika 16,900 na karibu yote ni ya kutoa. Ukiangalia vizuri wateja wake wanamtumia bila ya kutolea, afu yeye anatoa kidogokidogo kulipa wabebaji, na ada inapanda kwa ngazi kwahiyo kutoa mara tano vipande vidogo kunakula kuliko kutoa mara moja. Huo sio wizi ila pesa imeondoka. Kuna na hii, wakala akikuomba mia tano mkononi juu ya ada, hiyo huiwezi kuiona kwenye stetimenti hata ukodoe macho, na hana haki ya kukuomba.

Sasa 23,250 toa 16,900, bado 6,350 haina maelezo. Hapa ndo penyewe.

Rudi kwenye mistari uliyozungushia duara uangalie tarehe na saa. Saa zimeandikwa kizungu, 06:02 ni saa kumi na mbili asubuhi, usijichanganye. Kwa mama kuna mstari wa bando 1,000 kila Jumatatu saa kumi na mbili na dakika mbili, mara nne. Yeye anasema sikununua bando Jumatatu mimi. Binadamu hawezi kununua kitu dakika ileile kila wiki, hiyo ni mashine, maana yake kuna siku alinunua bando akabonyeza ile ya kujirudia yenyewe. 4,000 imepatikana. Anaingia kwenye menyu ya vifurushi anaiondoa.

Bado 2,350. Tarehe 9 alikuwa analipa mzigo wa dagaa kutoka Ukerewe, salio likapelea 20,000, simu ikamuuliza uongezewe? akabonyeza 1 haraka boti inataka kuondoka. Huo ni mkopo jamani. Kwenye stetimenti 20,000 imekaa kama pesa iliyoingia, afu tarehe 14 mteja alipomtumia pesa ikakatwa hapohapo kabla hajaigusa. Ndo maana nilikwambia usichukue jumla ya chini, ile jumla inasema zimeingia 660,000 wakati mauzo ni 640,000. Ile 20,000 imeingia ikatoka, inajifuta. Kilichobaki ni gharama, 400 ya kuchukua na 390 kila siku kwa siku tano, jumla 2,350. Yani hesabu imefunga, sifuri.

Yote hayo mama aliyabonyeza mwenyewe bila kujua, kwahiyo kurudishiwa ni ngumu. Wizi unaonekana tofauti. Wizi haupangiki kila wiki, utakuta miamala miwili mitatu imepishana dakika chache, inakomba karibu salio lote, kwenda namba usiyoijua. Ukikuta hivyo badilisha namba ya siri saa hiyohiyo, piga 100 uwape namba ya kumbukumbu ya muamala na usikate simu bila kupewa namba ya malalamiko. Afu piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji ya tapeli itume 15040. Mtandao wakikuzungusha, mambo ya pesa peleka Benki Kuu, hapa Mwanza wana tawi, na mambo ya vocha kuliwa ni TCRA, nao wana ofisi ya kanda hapahapa. Vocha ikiliwa na meseji za mpira au za mapenzi hutaiona kwenye stetimenti ya pesa, ile ni akaunti nyingine, usiitafute huku ukajiumiza kichwa.

Wa benki fanyeni vilevile, namba nne kwanza. Tofauti ni kwamba mistari ya kuzungushia ni ada ya akaunti ya mwezi, meseji, kadi, na VAT inayoifuata ada. VAT ambayo juu yake hakuna ada, uliza kaunta.

Mwisho chukua lile salio la mwisho, 37,150, liandike kwenye kurasa ya mwezi unaokuja. Stetimenti mpya lazima ianze na namba hiyohiyo, ikianza na nyingine ujue kuna kurasa hujapewa, rudi ukaombe upya.