Hotuba ya mjukuu: babu anatimiza 80, achekwe wapi na ashukuriwe wapi

DADA: Haya jamani karibuni tena kwenye podikasti yetu, leo hatuna maneno mengi ya utangulizi manake kazi iliyoko mezani ni tamu. Kuna msikilizaji wetu, babu yake anatimiza miaka 80 na familia imemchagua aongee kwa niaba ya wajukuu wote, sasa katutumia hotuba nzima anasema nisaidieni, utani upo na shukrani zipo ila nikiisoma naona kama hotuba mbili zimegongana njiani.

KAKA: Na kaona sawasawa kabisa. Nimeisoma mara kadhaa, nusu ya kwanza ni vichekesho mfululizo, halafu katikati kuna sentensi inasema "lakini tukiacha utani", baada ya hapo ni asante asante asante mpaka mwisho.

DADA: Hiyo "tukiacha utani" ndio ugonjwa wenyewe.

KAKA: Ndio ugonjwa! Ukishawaambia watu tunaacha utani, wale waliokuwa wanacheka wanakaa wima, wanatengeneza sura ya huzuni, na babu mwenyewe anaanza kujiuliza kwani ninaumwa? Mimi naona dawa yake ni moja tu, kile kitu unachomtania ndicho hicho hicho umshukuru nacho. Usitafute kingine.

DADA: Tutafika hapo na tutaichana hotuba yake tuishone upya. Ila kwanza nianze na vitu vya kutoa. Kaandika utani wa masikio ya babu, meno, kusinzia mbele ya tivii, na mwishoni kuna mmoja wa "babu tuombee tukukute tena mwakani".

KAKA: Huo wa mwisho utoke leo leo.

DADA: Utoke, na ile ya masikio na meno nayo itoke. Sio kwamba babu hawezi kucheka, wazee wengi wanajitania wenyewe kila siku. Ila mtu kujitania yeye na wewe kumtania mbele ya umati na maiki mkononi ni vitu viwili. Kuhusu mwili hana la kujibu, meno yameenda yameenda. Utani mzuri wa babu ni wa tabia, kitu anachokifanya kwa kupenda kwake, anachokitetea kila siku, yaani ukikisema anaruka kwenye kiti kukujibu.

KAKA: Kipimo changu ni hiki, je babu mwenyewe anaweza kuisimulia hiyo stori kwa wenzake kesho yake akiwa anajisifia? Kama ndio, iweke. Kama utaona atanyamaza, toa.

DADA: Na kama huna uhakika muulize mtu anayeishi naye, asubuhi unampigia simu mama au mjomba, unamsomea mistari miwili tu. Akicheka halafu akasema "lakini..." basi hiyo "lakini" isikilize.

KAKA: Sasa kitu kingine nilichokiona kwenye hotuba yake, na hiki wengi hawakioni kabisa. Angalia maneno yake. "Babu alikuwa mtu mkarimu. Alikuwa anapenda watu. Alitufundisha kufanya kazi."

DADA: Wee, huo si wasifu wa marehemu?

KAKA: Ndio hapo sasa! Mzee kakaa pale mbele kavaa vizuri, anasikia "alikuwa mkarimu". Yupo! Ni mkarimu, anapenda watu, anatufundisha mpaka leo. Hotuba ya bethdei ya mtu mzima inateleza kwenda msibani kirahisi sana, hasa ukianza na alizaliwa wapi, akasoma wapi, akaajiriwa wapi. Kwa hiyo chukua kalamu nyekundu, pitia kila "alikuwa" uliyoiandika, ibaki pale tu unapohadithia jambo lililotokea siku fulani. Zile za kumwelezea mtu mwenyewe zote zigeuze ziwe za sasa.

DADA: Hiyo peke yake inabadilisha hewa ya ukumbi. Haya, tuingie kwenye utani wenyewe. Katika vichekesho vyake vyote kuna kimoja mimi nilicheka kwa sauti, cha kuwahi. Msome kaka.

KAKA: Anasema, "Babu yangu haiamini saa. Ukimwambia tunaondoka saa nne, saa moja yuko mlangoni, viatu mguuni, begi mkononi, anauliza kama sisi tumeghairi safari. Siku moja alituwahisha stesheni mapema mpaka tukawapungia mkono abiria wa treni iliyotangulia ya kwetu."

DADA: Hahaha, ile ya kupunga mkono ndio inaua. Ona kwamba hajasema "babu anawahi sana", katuonyesha viatu, begi, treni ya watu wengine inaondoka. Hata asiyemjua mzee anamwona.

KAKA: Sasa huo utani kauweka mwanzo, halafu chini kabisa, kwenye orodha ndefu ya shukrani, nikakuta kamstari kamejificha. "Asante pia kwa kunifuata shuleni nilipokuwa mdogo." Kanapita hivyo hivyo, kamebanwa kati ya asante ya ada na asante ya ushauri. Nikamwandikia, nikamuuliza hebu nieleze, alikuwa anakufuataje? Akanijibu kwa voisi, anasema babu alikuwa anafika kabla ya kengele, kila siku, mpaka mlinzi wa geti akamzoea akawa anamtolea kiti.

DADA: Jamani! Na hicho kiti hakimo kwenye hotuba?

KAKA: Hakimo! Mtu ana dhahabu mfukoni anatembea nayo. Yaani huyo mzee tunayemcheka kwa kuwahi treni ndiye yule yule aliyekuwa anawahi getini. Ni tabia moja. Kwa hiyo tukaiunganisha, na huyu hapa anavyoendelea baada ya watu kumaliza kucheka ile ya treni:

"Utani huu tunao nyumbani miaka yote. Babu, sasa naomba niongee na wewe. Mama alipokuwa kazini wewe ndiye uliyekuwa unanifuata shuleni. Kengele ikilia, wenzangu wanatoka wanaangaza macho huku na huku wanatafuta mtu wao. Mimi sikuwahi kutafuta. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mlinzi, umeshafika zamani. Humu ndani wote tunakucheka kwa kuwahi, lakini aliyefaidi kuwahi kwako ni mimi. Asante babu."

DADA: Mimi nimesikia machozi hapa, na hakuna mahali kasema "tukiacha utani".

KAKA: Hakuna. Na angalia alichofanya katikati, kwenye treni alikuwa anaongea na sisi kuhusu babu, "babu yangu haiamini saa". Ikifika shukrani anageuka, anamtazama, "wewe ndiye uliyekuwa unanifuata". Utani waambie watu, shukrani mwambie yeye. Ukimshukuru mtu kupitia umati, "tunamshukuru sana babu yetu", inakuwa kama tangazo la kamati.

DADA: Na hizo asante nyingine kumi? Ada, ushauri, malezi?

KAKA: Zitoke. Najua inauma, ila asante moja yenye kiti na kengele inabebwa na watu mpaka nyumbani, asante kumi za jumla hazikumbukwi hata na aliyezisoma. Kama kweli ada inamkera moyoni kuiacha, achague moja tu nyingine aipe sentensi tatu, basi.

DADA: Kuna suala la bibi. Katuambia bibi alishafariki na anataka kumtaja.

KAKA: Amtaje, tena asipomtaja babu ndiye atakayeona pengo. Ila mahali. Yeye kaweka jina la bibi halafu sentensi inayofuata ni kichekesho, watu watakosa la kufanya na nyuso zao. Mimi ningemweka baada ya ile asante, sentensi moja tu, kwamba bibi ndiye aliyekuwa anamwambia babu "bado mapema, kaa kwanza" na babu hakai. Hapo katajwa akiwa hai ndani ya stori ile ile, watu wanatabasamu na wanamkumbuka kwa pamoja. Halafu anyamaze kidogo kabla ya kuendelea.

DADA: Nzuri hiyo. Sasa niongee kuhusu kusikika, manake hotuba tunaishona vizuri halafu mwenye shughuli hasikii. Mtu wa miaka 80 mara nyingi sauti nyembamba ndizo zinazoanza kumpotea, zile za s na f na sh, na kelele za nyuma zinamharibia zaidi. Ndio maana anaweza kusikia kwamba unaongea ila maneno hayashiki. Kupiga kelele hakusaidii, sauti inazidi kukwaruza tu. Aongee polepole, asimame mbele ya babu uso ukiwa kwenye mwanga ili aone midomo, maiki isizibe mdomo, na amwombe mwenye muziki azime kabisa, sio kupunguza. Na babu asikalishwe mbele ya spika, sauti ikitoka ubavuni na uso uko kwingine anachanganyikiwa.

KAKA: Na vicheko avisubiri. Watu wakicheka asiendelee kusoma juu yao, manake sentensi inayofuata babu ataikosa. Asubiri kicheko kianze kushuka, kisizime kabisa, ndio aendelee. Na utani usipochekwa asiueleze, apite tu kama vile ilikuwa taarifa.

DADA: Urefu je?

KAKA: Dakika nne zinatosha, tano ni mwisho. Ajirekodi na simu akisoma kwa sauti, sio kwa macho, kwa macho kila hotuba ni fupi. Halafu aongeze kama dakika moja ya vicheko na makofi. Aiprinti kwa herufi kubwa, asisome kwenye simu, kioo kinazima katikati na ujumbe wa watu unaingia.

DADA: Na akilia? Manake pale kwenye kiti mimi namwona kabisa analia.

KAKA: Akilia asiombe radhi. Asimame, atoe pumzi nje polepole, aangalie karatasi mpaka aone neno linalofuata. Na nakala ya pili awe nayo binamu aliyekaa karibu, wamekubaliana tangu jana, akimwangalia tu binamu anasimama anamalizia alipoishia. Ila ile "asante babu" binamu asiiseme, hiyo amwachie mwenyewe hata kama itachukua muda.

DADA: Na mwisho wa hotuba yake kaandika "sina la ziada".

KAKA: Afute. Amalizie kwa kuwaambia watu wasimame wampigie babu makofi, na wakishasimama yeye aweke maiki chini aende alipokaa mzee. Tumeshamtumia karatasi mpya, akiturudishia voisi ya mazoezi tutaisikiliza tena wiki ijayo.