Kontango ni kodi ya ghala

Kila nikizungumza habari hizi, lazima mtu anyooshe mkono: "Mwalimu, mkataba wa mafuta wa Desemba una bei kubwa kuliko wa Juni, kwa hiyo soko linasema mafuta yatapanda." Nimelijibu hili mpaka sauti imekauka. Mkataba huo ni ahadi ya kuuziana mali siku ya mbele kwa bei mnayokubaliana leo. Bei ya mbele ikizidi ya leo, hali hiyo huitwa kontango, na sehemu kubwa ya hiyo tofauti si utabiri. Ni kodi ya ghala na riba ya benki.

Tuanze na dhahabu, maana haiozi wala haihitaji matenki. Tuseme wakia moja leo ni dola 2,000, na benki inakopesha kwa asilimia 5 kwa mwaka. Bei ya kuipokea mwakani itakuwa kama 2,100, na utunzaji unaongeza kidogo tu. Kwa nini isiwe 2,200? Kwa sababu mimi ningekopa 2,000, nikanunua wakia, nikaifungia, na papo hapo nikasaini kuiuza kwa 2,200. Mwaka ukiisha naikabidhi, nalipa benki 2,100, na karibu dola 100 zinabaki mfukoni bila mimi kujali kama dhahabu imepanda au imeshuka. Watu wa namna hiyo ni wengi, na wana mbio kuliko mimi. Wataiuza ile bei ya 2,200 mpaka irudi chini kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Namwona ndugu pale nyuma amekunja uso: si wauziane mali yenyewe tu, mkono kwa mkono? Wanauziana, kila siku. Lakini mwenye mgodi anawalipa vibarua mwezi huu kwa dhahabu itakayotoka miezi sita ijayo, na anataka kuijua bei yake leo. Anayeipokea hiyo hatari ya bei mara nyingi wala hahitaji dhahabu. Atauza mkataba wake kabla ya siku kufika. Ndiyo maana mikataba mingi haifiki kwenye kukabidhiana mali. Ila kwa ile inayodai mali halisi, siku ya mwisho haina mzaha.

Mnakumbuka tarehe 20 Aprili 2020? Nitaieleza taratibu, hata mwenyekiti akinikazia macho. Mkataba wa mafuta ya Marekani unaouzwa New York ni wa mapipa 1,000, na mali hupokelewa Cushing, mji mdogo wa Oklahoma uliojaa matenki na mabomba. Mkataba wa Mei ulikuwa unafungwa kesho yake. Korona imeyasimamisha magari na ndege, na matenki ya Cushing ama yamejaa ama yamekodiwa. Sasa wewe umeshika mkataba mmoja, uko ofisini kwako, na huna hata ndoo. Unamtafuta wa kumwachia, humpati. Siku ile bei ya Mei ilifunga kwenye dola 37.63 chini ya sifuri. Yaani ulimlipa mtu dola 37,630 ili akuondolee mapipa 1,000. Na mkataba wa Juni, siku ileile? Ulifunga kwenye dola 20.43 juu ya sifuri.

Kwa nini yule mjanja wa dhahabu hakuja kuchukua pipa la Mei, akalihifadhi, akaliuza Juni? Kwa sababu ujanja wake unahitaji ghala. Nafasi ikiisha, hakuna kinachoizuia kontango. Wenye uwezo walikodi meli kubwa za mapipa milioni 2 zitie nanga tu baharini, zigeuke kuwa matenki.

Atakayeumia ni yule anayenunua mafuta kwa njia ya mfuko wa uwekezaji. Ana dola 100,000. Mkataba wa mwezi huu ni dola 20, sawa na mapipa 5,000. Mfuko unauuza kabla haujafungwa na kununua wa mwezi ujao kwa 25, sasa ana mapipa 4,000. Mwezi ukipita na bei ya sokoni ikabaki 20, ana dola 80,000. Anafungua habari, anasoma bei haijasogea, anadhani kaibiwa.

Mazao niyapitie mbiombio. Mahindi ya Chicago baada ya mavuno hufuata kanuni hiyohiyo, bei ya mwezi hadi mwezi ikipanda kwa gharama ya kuhifadhi. Lakini akiba ikiwa ndogo, mkataba wa Julai unaweza kuzidi sana ule wa Desemba wa mavuno mapya, na hakuna wa kuurekebisha, kwani mahindi ambayo bado yako shambani huwezi kuyauza Julai.

Kahawa nilikuwa nimeiandalia karatasi mbili, lakini mwenyekiti keshasimama.